Kumwandikia mkulima invoisi kwa eTIMS: hatua kwa hatua, na pale watu huteleza

Msimu wa maembe ukianza tu maswali ni yale yale. "Nanunua kwa wakulima wadogo, hawana kitabu cha invoisi, nikiwadai wanacheka, na KRA wanataka invoisi ya eTIMS, nifanyeje?" Nimeshajibu kwa simu, nimejibu kwa meseji, nimejibu nikiwa kwa matatu, sasa naandika mara moja nimalize. Mimi nashika vitabu vya mnunuzi wa maembe huku upande wa Malindi, kwa hivo mifano yangu ni maembe, lakini ukinunua maziwa, viazi, samaki au kuni hatua ni hizo hizo.

Kwa ufupi kabisa, ndo tusonge. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na invoisi ya eTIMS, yaani mfumo wa invoisi za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi, haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato Kenya. Wakulima wadogo wakakwama na sisi tukakwama nao. Mwisho wa mwaka huo huo, tarehe 27 Desemba 2024, sheria ilibadilika: muuzaji akiwa ni biashara ndogo au mkulima mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 5, mnunuzi ndo anatengeneza invoisi kwa niaba yake, na muuzaji anaikubali au anaikataa kwa simu yake. Kuanzia Januari 2026 KRA wanalinganisha gharama unazotangaza kwenye ritani na zile zilizo kwenye eTIMS, kwa hivo ile tabia ya kusema "tutaelezea tukiulizwa" imekwisha.

Piga hesabu uone. Kampuni inalipa kodi ya asilimia 30 ya faida. Ukinunua maembe ya milioni 4 bila invoisi hata moja, hiyo milioni 4 inahesabiwa kama hukuitumia, na unadaiwa kodi ya milioni 1 na laki 2 juu ya pesa ambayo iko mfukoni mwa wakulima, si mwako.

Sasa kuna kitu kimoja watu hawakifikirii. Invoisi ya kawaida inatoka kwa anayedai pesa, na anayelipa ndo anaikagua. Hapa anayelipa ndo huyo huyo anaandika. Yaani karani wako akiwa mjanja anaweza kumzaa mkulima ambaye hayupo, amwandikie invoisi, amlipe, na karatasi zote ziwe safi. Ndo maana zaidi ya nusu ya mwongozo huu si kubonyeza eTIMS (hiyo ni dakika mbili), ni kupanga kazi ili kosa au wizi uonekane.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Wewe mnunuzi uwe umesajiliwa eTIMS na unaweza kuingia bila kumpigia mtu simu akutumie paswadi.
- PIN ya KRA ya kila mkulima, nakala ya kitambulisho chake, na namba yake ya simu, yake kweli.
- Makubaliano ya maandishi, ukurasa mmoja unatosha.
- Kitabu cha mizani chenye namba zilizochapwa tayari na nakala mbili chini yake. Duka la steshenari watakuchapia. Usitumie daftari la shule.
- Mizani iliyopigwa muhuri wa vipimo mwaka huo.
- Watu watatu tofauti: wa kupima, wa kuandika invoisi, wa kulipa. Mkiwa wawili, mwenye biashara alipe mwenyewe. Ukiwa na mtu mmoja anayefanya yote matatu usianze, afadhali ungoje.
- Karatasi ya Excel, nitakuonyesha safu zake mbele.

Hatua ya 1: Jua anayekuuzia ni nani hasa

Hapa ndo wengi wanaanguka kabla hata ya kuwasha kompyuta. Unasema unanunua kwa wakulima, lakini ukweli ni kwamba lori linaletwa na broka. Broka amezunguka Marafa na Magarini yote, amenunua kwa watu ishirini, amewalipa keshi shambani, na sasa anakuuzia wewe. Aliyekuuzia ni broka. Wale ishirini walimuuzia yeye.

Broka mzuri wa msimu mmoja anapita milioni 5 bila kutoa jasho. Akipita, huruhusiwi kumwandikia invoisi, atoe yake mwenyewe kwa eTIMS. Yeye hataki, kwa hivo atakuja na suluhisho tamu: karatasi yenye majina na PIN za wakulima kumi na tano, "gawanya tu huo mzigo kwa hawa." Usikubali. Ukikubali umeandika invoisi za mauzo ambayo hayakutokea, kati yako na watu ambao hujawahi kuwaona, na siku mmoja wao akiitwa kuulizwa kuhusu laki 3 ambazo hakuziona atasema ukweli tu.

Kumbuka pia ile milioni 5 ni mauzo yake yote ya mwaka, si yale aliyokuuzia wewe. Wewe unaona kipande chako tu. Kwa hivo kwenye makubaliano kuwe na mstari anaosaini kwamba mauzo yake yote hayazidi hapo, na kwamba yakizidi atakwambia.

Hatua ya 2: Hakikisha PIN, jina na simu

PIN ya mtu binafsi inaanza na A, halafu tarakimu tisa, halafu herufi moja mwisho. Ya kampuni inaanza na P. Ingia iTax, tovuti ya kodi ya KRA, kwenye `PIN Checker`, iandike, uone jina linalotoka. Jina hilo lilingane na kitambulisho. Halafu anza kama unataka kumtumia pesa kwa M-Pesa kwenye ile namba ya simu, uone jina linalokuja, kisha futa. Vitu vitatu viseme jina moja: PIN, kitambulisho, simu.

Mara nyingi simu itakuja na jina la mke au mtoto, si ajabu kijijini. Sawa, lakini iandikwe kwenye makubaliano na mwenye PIN asaini: "malipo yangu yatumwe kwa namba fulani iliyosajiliwa kwa jina fulani." Isikae kichwani kwa karani.

Mkulima asiye na PIN hauwezi kumwandikia kitu. Unaweza kumsaidia kupata, usajili wenyewe ni bure, saiba ndo wanachaji kazi yao. Lakini usimtengenezee PIN bila yeye kujua maana yake. PIN inakuja na kazi ya kujaza ritani kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, na mtu binafsi asipojaza faini inaanzia shilingi 2,000. Mwambie mapema, usimwache aje kuambiwa na faini.

Hatua ya 3: Sainini makubaliano

Ukurasa mmoja, Kiswahili, na umsomee kama hasomi vizuri. Mambo yanayotakiwa humo: kwamba anakubali umwandikie invoisi za maembe anayokuuzia kuanzia tarehe fulani mpaka fulani (mimi naweka mwaka mmoja, tunasaini upya), kwamba yeye hatatoa invoisi yake kwa mzigo huo huo, kwamba mauzo yake hayazidi milioni 5, bei inapangwa vipi na nani anamjulisha ikibadilika, maembe yaliyooza au yenye inzi wa matunda yanakatwa vipi, mbele ya nani, na namba ya kulipwa.

Huo mstari wa "hatatoa invoisi yake" usiuache. Vijana wengi siku hizi wanajua kutumia `*222#`, menyu ya eTIMS kwa simu, anatoa invoisi yake kwa nia nzuri tu, na wewe karani wako anatoa nyingine, mzigo mmoja unakuwa gharama mbili kwenye eTIMS. Kwa mkulima yanaonekana mauzo mara mbili, kwako gharama mara mbili, wote wawili mmedanganya bila kukusudia.

Hatua ya 4: Karatasi ya mizani ndo mama wa yote

Kwa kuwa hakuna invoisi inayotoka nje, ushahidi pekee ambao hukuutengeneza peke yako ni ile karatasi ya mizani yenye saini ya mkulima. Iandikwe pale pale mizani ilipo, si jioni ofisini. Nakala moja anaondoka nayo mkulima, moja inaenda kwa anayeandika invoisi, moja inabaki kitabuni.

Tuchukue mzigo mmoja. Mkulima wa Marafa analeta kreti 46 za embe aina ya ngowe. Mizani inasoma kilo 1,012 na kreti zake. Kreti tupu moja ni kilo 2, tumepima, kwa hivo tunatoa 92 na kubaki na 920. Kwenye kuchambua, mbele yake, kilo 38 zina inzi wa matunda au zimepasuka, anaamua kurudi nazo. Zinabaki kilo 882. Bei ya wiki hiyo tuseme ni shilingi 25 kwa kilo. Jumla 22,050.

Karatasi ionyeshe namba zote hizo, si 882 peke yake. Ukiandika ya mwisho tu, ugomvi ukitokea hujui kama tatizo ni kreti, ni uchambuzi au ni mizani. Na uzito wa kreti upimeni upya mara kwa mara kwa sababu kreti ya mbao ikinyeshewa inaongeza uzito, ukitoa kilo 2 wakati imefika 2 na nusu, kwa kreti 46 umelipa kilo 23 za maji.

Karatasi ikiharibika isichanwe. Ipigwe mstari, iandikwe imefutwa, ibaki kitabuni na nakala zake zote. Namba ikikosekana kwenye mfululizo mimi huuliza siku hiyo hiyo, simngoji mtu akumbuke wiki ijayo.

Hatua ya 5: Andika invoisi, na uandike bei nzima

Ingia eTIMS, chagua sehemu ya invoisi inayoanzishwa na mnunuzi, weka PIN ya mkulima, bidhaa, kilo 882, bei 25. Embe bichi la shambani ambalo halijasindikwa halina VAT, limesamehewa, kwa hivo usiweke asilimia 16 ukidhani utakuja kuidai, hakuna cha kudai. Faida yako hapa ni gharama kukubaliwa tu.

Mahali pa maelezo andika namba ya karatasi ya mizani. Karatasi moja, invoisi moja. Kuna watu wanaunganisha mizigo ya wiki nzima kwa invoisi moja ili kupunguza kazi, lakini siku ya kutafuta kosa utajuta.

Sasa kosa ninaloliona kila mahali. Yule mkulima wetu hakuwa na pesa ya lori, tukamlipia dereva 1,500 kwa niaba yake, tunamkata. Karani anafikiri, tunamlipa 20,550, basi naandika invoisi ya 20,550. Hapana! Maembe yameuzwa kwa 22,050, invoisi ni 22,050. Ile 1,500 ni deni lake kwetu, linakatwa kwenye malipo, si kwenye bei. Ukiandika 20,550 umejipunguzia gharama ya 1,500, na kwa kodi ya asilimia 30 umetupa shilingi 450 kwa mzigo mmoja, zidisha kwa mizigo ya msimu. Hivo hivo kwa mbolea, dawa, au advansi ya ada ya shule aliyochukua mwezi wa tisa.

Na anayeandika invoisi asiwe na uwezo wa kubadilisha bei. Bei ya wiki inabandikwa Jumatatu na meneja, ina saini, karani anaifuata. Akiona mkulima ana bei tofauti na karatasi iliyobandikwa, anasimama na kuuliza.

Hatua ya 6: Mkulima akubali, yeye mwenyewe

Ukimaliza, mkulima anapata meseji kwenye simu yake kwamba kuna invoisi inamngoja. Anabonyeza `*222#`, anafuata menyu ya eTIMS, anaiona, anakubali au anakataa. Kabla hajakubali hiyo bado si invoisi, ni pendekezo lako tu, usiihesabu.

Usimshikie simu ukambonyezea. Najua foleni ni ndefu, najua mzee haoni maandishi, kijana wake amsomee. Ile kukubali ndo kizuizi pekee kilicho nje ya ofisi yako. Ukimbonyezea wewe umekuwa muuzaji, mnunuzi na mkaguzi kwa siku moja.

Kuna msimu tulikuwa na karani mwepesi sana, invoisi zake zote zinakubaliwa ndani ya dakika moja, tukamsifu. Nilipopanga orodha kwa namba za simu nikakuta wakulima kumi na mmoja wenye PIN tofauti wanatumia simu moja. Simu ya broka. Wakulima walikuwepo kweli, PIN ni zao, ila maembe hayakuwa yao na hawakujua lolote. Tangu hapo hiyo ni hesabu ya kwanza ninayofanya asubuhi, kabla ya chai.

Hatua ya 7: Lipa baada ya kukubaliwa

Anayelipa anataka vitu vitatu mezani: karatasi ya mizani yenye saini, invoisi iliyokubaliwa, na orodha ya makato kama yapo. Analipa kwa ile namba iliyo kwenye makubaliano, si ile karani aliyoandika kwa kalamu pembeni. Akitaka kubadilisha namba, mkulima aje mwenyewe na kitambulisho.

Keshi ikwepe. Ikibidi, asaini na kitambulisho kiandikwe. Kwa M-Pesa muamala mmoja hauzidi 250,000, kwa hivo mzigo mkubwa utagawanyika mara mbili, andika namba zote mbili za miamala kwenye mstari mmoja wa Excel, usije ukadhani umelipa mara mbili.

Mkulima wetu alipata 20,550 kwenye simu. Mpe karatasi inayoonyesha: mauzo 22,050, toa lori 1,500, umelipwa 20,550. Usipompa, yeye ataona invoisi ya 22,050 na pesa pungufu, na kijiji kizima kitajua jioni kwamba mmemuibia.

Hatua ya 8: Ukaguzi wa kila wiki na wa mwisho wa mwezi

Excel yangu ina safu hizi: A tarehe, B namba ya karatasi ya mizani, C PIN, D simu, E kilo, F shilingi, G namba ya invoisi ya eTIMS, H hali yake (inangoja, imekubaliwa, imekataliwa). Fomula tatu tu, weka kwenye mstari wa 2 halafu uvute chini:

```
=COUNTIFS(B:B,B2,H:H,"<>imekataliwa")
=COUNTIFS(D:D,D2,C:C,"<>"&C2)
=SUMIFS(F:F,C:C,C2,H:H,"<>imekataliwa")
```

Ya kwanza ikizidi 1, karatasi moja ya mizani imetumika mara mbili. Ya pili ikizidi 0, simu moja iko kwa PIN zaidi ya moja, kaulize. Inaweza kuwa mume na mke, inaweza kuwa broka. Ya tatu ni jumla uliyonunua kwa mkulima huyo mwaka huu (fungua faili jipya kila Januari). Mimi akifika milioni 3 namuita tuzungumze, maana kama kwangu peke yangu ni milioni 3 na anauza kwa wengine pia, mpaka uko karibu.

Mwisho wa mwezi fanya ulinganisho wa pande tatu: jumla ya kilo za karatasi za mizani, jumla ya kilo za invoisi zilizokubaliwa, na kilo zilizoingia stoo. Halafu linganisha shilingi za invoisi na malipo pamoja na makato. Tofauti ndogo ni maembe yaliyonyauka, tofauti kubwa ni maneno. Na hili alifanye mtu ambaye hapimi, haandiki invoisi, wala halipi.

Kitu kimoja zaidi, kila miezi michache chagua wakulima watano bila kumwambia karani, uwapigie simu au uende. "Mzee, shikamoo, kwenye vitabu vyetu mwezi wa kumi na mbili ulituletea mizigo minne, ni kweli?" Majibu ya simu tano hizo yananipa mimi usingizi kuliko Excel yote.

Karatasi zote zikae miaka 5. Panya wa stoo hawajui sheria, tafuta sanduku la bati.

Ikikwama

*Mkulima hapati meseji.* Mara nyingi PIN yake ilitengenezwa saiba, na namba ya simu na imeili iliyowekwa ni ya mwenye saiba. Dalili ni kwamba PIN inakubali vizuri ila yeye haoni kitu. Lazima abadilishe taarifa zake iTax, au aende Huduma Centre na kitambulisho. Fanyeni hivo kabla ya msimu, katikati ya msimu hakuna mtu ana muda.

*Amekataa invoisi.* Usitume ile ile tena ukitegemea atachoka. Mpigie, muulize. Kwangu sababu karibu zote ni mbili, kilo alizokumbuka ni za kabla ya kuchambua, au ameogopa neno KRA. Ya kwanza inaisha ukimwonyesha nakala yake ya mizani. Kama ni wewe umekosea, andika mpya yenye namba sahihi na ile iliyokataliwa ibaki kwenye Excel ikiwa na sababu.

*Anaogopa atatozwa kodi.* Mwambie ukweli, usimwambie "haina shida." Invoisi yenyewe si kodi, lakini inaacha alama ya mauzo kwenye PIN yake. Mauzo yake yote ya biashara ya mwaka yakizidi milioni 1 mpaka milioni 25 anaingia kwenye TOT, kodi ya asilimia 3 ya mauzo. Na hata akiwa chini ya hapo, ule mtindo wa kwenda saiba Juni kujaziwa ritani ya sifuri haufai tena kwake, kwa sababu eTIMS inaonyesha ameuza. Aende na jumla yake, na wewe umpe. Sisi mwezi wa Januari tunampa kila mkulima karatasi ya mauzo yake ya mwaka mzima.

*Invoisi imeshakubaliwa halafu tumegundua kosa.* Haifutwi. Inarekebishwa kwa kredit noti inayotaja namba ya invoisi ile, halafu mpya sahihi. Asiyeiandika ile ya kwanza ndo aidhinishe marekebisho, la sivyo karani anaweza kuandika, kulipa, na kufuta nyayo.

*Sina hakika kama invoisi ni halali.* Chukua namba yake, iweke kwenye `Invoice Number Checker` ya iTax. Isipotokea, mwambie anayelipa asilipe mpaka itokee.

*Mzigo wa Desemba, kukubali Januari.* Hii inatusumbua kila mwaka kwa sababu maembe yanaiva wakati vitabu vinafungwa. Maembe yaliyopimwa tarehe 30 Desemba ni gharama ya Desemba, lakini mkulima yuko kwenye harusi, simu imezimika, anakubali tarehe 4. Tangu tarehe 20 Desemba mimi natoa orodha ya zilizo "inangoja" kila jioni na kijana wa pikipiki anazunguka kuwakumbusha. Zilizobaki usiku wa tarehe 31 zinaandikwa kwenye karatasi moja, na namba za mizani, kilo, shilingi, na tarehe iliyokubaliwa baadaye inajazwa pembeni. Msimu uliopita zilibaki sita, moja yao mkulima alikuwa ameangusha simu kisimani.